Kutoka "oyaa wadau" hadi "anayo heshima kukualika": mwaliko mmoja wa Mtwara, matoleo manne

Kazi yangu ni steshenari hapa Mtwara mjini. Natoa kopi, nachapa barua, natengeneza kadi. Juzi kaka mmoja anayefanya kazi kwenye kampuni ya kubangua korosho alinionyesha ujumbe aliouandika kwenye simu yake, akaniambia, "Dada, nibadilishie tu maneno iwe rasmi. Mkuu wa Mkoa atakuwepo." Ujumbe wenyewe ulikuwa huu:

> Oyaa wadau mambo vipi! Kampuni yetu inatimiza miaka 10 na tunafungua mashine mpya ya kubangua korosho. Ni Alhamisi tarehe 17 mwezi wa 9, pale pale kwetu Naliendele. Kuanzia saa 3 mpaka majogoo. Msosi na vinywaji vya kumwaga, mziki mnene, dijei mkali. Njoo na mtu wako. Ukikosa utasimuliwa!

Kama mwaliko wa pati, sina la kuukosoa. Una uhai, unajua unaongea na nani, na mtu wa Naliendele anayepajua "pale pale kwetu" atafika bila kupotea. Shida ni lile neno la kaka, "nibadilishie tu maneno". Nimeziona kadi nyingi zilizobadilishwa maneno tu, na hutoka hivi:

> Ndugu wadau, kampuni yetu inawakaribisha nyote kwenye sherehe ya kutimiza miaka 10 na ufunguzi wa mashine mpya, Alhamisi tarehe 17/9, Naliendele, kuanzia saa 3:00. Chakula na vinywaji vitakuwepo kwa wingi. Mnakaribishwa na wenza wenu. Usikose!

Weka matoleo haya mawili sambamba. "Oyaa" imekuwa "ndugu", "msosi" umekuwa "chakula", "njoo na mtu wako" imekuwa "mnakaribishwa na wenza wenu". Lugha imevaa suti, lakini mambo yaliyofichika kwenye ujumbe wa kwanza yamebaki yamefichika. Nani anaalika? "Kampuni yetu" ni ya nani? Saa 3 ipi? Mgeni rasmi ni nani, na anakuja kufanya nini? Wadau wangapi, na kila mmoja aje na wangapi? Kwenye pati maswali hayo hujibiwa kwa simu ("oya, nije na mdogo wangu?"). Afisa wa mkoa au meneja wa benki hawezi kukupigia akuulize kama aje na mdogo wake. Ataiacha kadi mezani, na siku ikifika atakuwa na shughuli nyingine.

Kwa hiyo nilimwuliza kaka maswali kabla ya kugusa kompyuta. La saa ndilo lililotufungua macho wote wawili. Aliposema "saa 3 mpaka majogoo" alimaanisha saa 3 asubuhi kwa ajili ya uzinduzi, kisha mziki hadi alfajiri. Msomaji angeweza kuelewa saa 3 usiku, na kwa ujumbe ule angekuwa na haki, maana nani anaanza na dijei asubuhi? Hapo tukagundua kwamba ana shughuli mbili alizozikunja kwenye ujumbe mmoja: hafla ya asubuhi yenye mgeni rasmi, risala na kukata utepe, na tafrija ya usiku ya wafanyakazi na marafiki. Tulipozitenganisha, kazi ya kuandika ikawa rahisi.

Hii hapa kadi ya hafla. Jina la kampuni nimeliacha wazi.

> Mkurugenzi Mtendaji, kwa niaba ya Bodi na wafanyakazi wa
> KAMPUNI YA ______________
> anayo heshima kukualika,
>
> Mhe./Mstahiki/Ndg./Bw./Bi. ______________________
>
> kwenye hafla ya kuadhimisha miaka 10 ya kampuni
> na uzinduzi wa mtambo wa kubangua korosho,
> itakayofanyika siku ya Alhamisi, tarehe 17 Septemba, 2026,
> kiwandani Naliendele, barabara ya Newala,
> Manispaa ya Mtwara Mikindani,
> kuanzia saa 3:00 asubuhi hadi saa 7:00 mchana.
>
> Mgeni rasmi: Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara
>
> Tafadhali uwe umeketi ifikapo saa 3:30 asubuhi.
> Chakula cha mchana kitaandaliwa.
> Kadi hii ni ya mtu mmoja.
> Thibitisha kushiriki kabla ya tarehe 10 Septemba, 2026, simu Na. __________

Tuanze na anayealika. Ujumbe wa pati unasema "kampuni yetu", kwa sauti ya mmoja wa wenyeji. Kadi inamtaja mwenye cheo, kwa sababu mwaliko rasmi lazima uwe na mtu wa kuuwajibikia. Mgeni akikaa vibaya au gari lake likizuiwa getini, anajua ni kwa mamlaka ya nani alikuja pale.

Kisha anayealikwa. "Wadau" ni wengi. "Kukualika" ni mmoja. Kadi ikianza na "kukualika" isigeuke katikati ikawa "mnakaribishwa". Kosa hili naliona karibu kila wiki, na huwa limetoka kwenye ujumbe wa kundi ulionakiliwa vipande vipande. Mstari wa jina nao uandikwe kwa mkono mzuri au uchapwe, usiachwe mtupu. Na cheo kiendane na mtu: Meya wa Manispaa ni Mstahiki, mbunge na diwani ni Waheshimiwa, Katibu Tawala na Mkurugenzi wa Manispaa watakubali Ndugu bila kukunja uso. Sheikh wa Mkoa na Baba Askofu waandikiwe kadi zao peke yake, maana ile safu ya "Mhe./Ndg./Bw./Bi." haiwatoshi, na kumkatia Askofu kila kitu ili abaki "Bw." ni kuomba lawama.

Jina la tukio lilitusumbua kidogo. Kaka aliandika "tunafungua mashine". Kwa matumizi ya ofisi zetu, jengo au mkutano hufunguliwa. Mtambo, huduma au bidhaa mpya huzinduliwa. Na jengo ambalo ndiyo kwanza linaanza, huwekewa jiwe la msingi. Si mzaha wa msamiati. Neno ulilochagua ndilo litakaloandikwa kwenye bango na kwenye hotuba ya mgeni rasmi, na ndilo linaloamua pale mbele kuwe na utepe au kitambaa cha kufunua. Vivyo hivyo, pati "husherehekea" miaka 10 na kadi "huadhimisha". "Sherehe" si kosa, ila msomaji wa hapa akiliona anawaza harusi au unyago. "Hafla" inamweka kwenye kiti cha ukumbi.

Saa, sasa. Ujumbe wa pati una saa moja, tena ya kukadiria. Kadi ina saa tatu, na kila moja ina kazi yake: ya kuanza kupokea wageni, ya kuwa wameketi, na ya kumaliza. Mgeni rasmi yeye, kwa ratiba ya ndani ambayo haiko kwenye kadi, anaingia saa 4:00. Ile nusu saa kati ya 3:30 na 4:00 ndiyo itifaki yenyewe, kwa kuwa wageni hawaingii nyuma ya mgeni rasmi. Na usiandike kamwe "saa 9:00" kwa kuiga kadi ya Kiingereza. Nimewahi kuona watu wakifika saa 9 alasiri kwa shughuli iliyokwisha tangu asubuhi. Andika "asubuhi", "mchana", "jioni", hata kama unaona inajieleza.

Saa 7:00 mchana ya kumaliza ina historia. Kwanza kaka alitaka Ijumaa, tarehe 18. Nikamwambia, kwa mji wetu, ikifika saa 6, nusu ya ukumbi itakuwa njiani kwenda msikitini, na mgeni rasmi atabaki akihutubia viti. Akahamia Alhamisi.

Kwenye chakula, tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. "Msosi na vinywaji vya kumwaga" ni chambo. Kadi haivui samaki. "Chakula cha mchana kitaandaliwa" inampa mgeni taarifa anayohitaji tu: asipange miadi ya saa 6. Vinywaji havitajwi kabisa. Ukivitaja, mgeni mmoja ataanza kujiuliza ni vya aina gani, na Sheikh aliyealikwa kufungua kwa dua atajiuliza kama aombe udhuru.

"Njoo na mtu wako" imekuwa "Kadi hii ni ya mtu mmoja". Kaka hapa alisita, akaona ni ukali. Nikamwuliza viti ni vingapi. Mia na ishirini. Kadi? Mia na kumi. Haya, kila mmoja aje na mtu wake, watakaa wapi, juu ya magunia? Ukitaka wenza waje, sema wazi kwenye kadi hiyo hiyo, "pamoja na mwenza wako", kisha chapa kadi nusu.

Kuna jambo ambalo halikuwa kwenye ujumbe wake lakini huingia lenyewe. Watu wengi hutengeneza kadi ya kampuni juu ya kiolezo cha kadi ya harusi. Mwaka mmoja mteja alinijia na kadi aliyotengenezewa kwingine, nzuri, yenye nembo na rangi za kampuni, ila chini kabisa imebaki ile namba ya simu ya kutuma michango. Kadi arobaini zilikuwa zimeshagawiwa. Wawili walikuwa wametuma hela. Sijui alizirudishaje bila aibu.

Kwa hiyo kati ya ujumbe wa pati, ujumbe uliovalishwa suti, na kadi, kwa wageni mia moja na kumi wa asubuhi mimi nachagua kadi bila kufikiri mara mbili. Lakini kadi haimfai mtu mmoja: mgeni rasmi mwenyewe. Hapa wengi hukosea, na kaka pia alitaka kukosea. Alidhani atampelekea Mkuu wa Mkoa kadi ile ile, labda kwenye bahasha nzuri zaidi.

Kadi inamwalika mtu kuja kwenye jambo lililokwisha kupangwa. Mgeni rasmi haalikwi hivyo, unamwomba. Anahitaji kujua mna shughuli gani, mnataka afanye nini, aseme nini, na ofisi yake ipate muda wa kulinganisha na ratiba yake. Hayo hayaenei kwenye kadi. Yanakaa kwenye barua, yenye nembo ya kampuni juu, kumbukumbu namba, sahihi na muhuri:

> Kumb. Na. __________
> 12 Agosti, 2026
>
> Mkuu wa Mkoa,
> Ofisi ya Mkuu wa Mkoa,
> S.L.P. ______,
> MTWARA.
>
> YAH: OMBI LA KUWA MGENI RASMI KATIKA UZINDUZI WA MTAMBO WA KUBANGUA KOROSHO, TAREHE 17 SEPTEMBA, 2026
>
> Mheshimiwa, tafadhali rejea somo tajwa hapo juu.
>
> 2. Kampuni ya __________ ilianzishwa mwaka 2016 na inabangua korosho katika eneo la Naliendele. Mwaka huu inatimiza miaka 10, na imekamilisha kufunga mtambo mpya wa kubangulia.
>
> 3. Kwa heshima, tunakuomba uwe mgeni rasmi katika hafla ya maadhimisho hayo, kiwandani Naliendele, kuanzia saa 4:00 asubuhi hadi saa 7:00 mchana. Tunaomba uzindue mtambo kwa kukata utepe, utembelee kiwanda na kuzungumza na wageni waalikwa wapatao 110.
>
> 4. Tunaambatisha ratiba ya hafla, taarifa fupi ya kampuni na vidokezo vya hotuba. Tutashukuru kupata majibu kabla ya tarehe 28 Agosti, 2026 ili tukamilishe maandalizi.
>
> Nakala: Mkuu wa Wilaya ya Mtwara

Ukiilinganisha na kadi utaona kitenzi kimebadilika: kadi "inaalika", barua "inaomba". Saa pia imebadilika. Kadi inasema 3:00, barua inasema 4:00, na zote ni sahihi kwa sababu kila moja inamwambia msomaji wake saa ya kufika. Aya ya tatu ndiyo moyo wa barua. Ofisi ya mkuu wa mkoa ikisoma "tunakukaribisha kwenye maadhimisho yetu" italazimika kuuliza anakuja kama nani. Ikisoma "uzindue mtambo kwa kukata utepe" inajua ni shughuli gani inaingia kwenye kitabu cha ratiba. Vidokezo vya hotuba navyo si kujipendekeza. Atakayemwandalia Mheshimiwa hotuba haijui kampuni yenu, na usipompa mambo atazungumzia korosho kwa ujumla kwa dakika ishirini.

Nakala kwa Mkuu wa Wilaya haipambi barua. Mkuu wa Mkoa anapoingia wilayani, mwenyeji wake ni yeye. Akisikia habari hiyo kwa watu, utakuwa umemweka pabaya.

Tarehe ya barua ni ya makusudi. Wiki ya kwanza ya Agosti viongozi wengi wa mikoa yetu miwili wako Ngongo, Lindi, kwenye Nane Nane. Barua ikifika siku hizo inalala chini ya nyingine. Na tusingeweza kusogeza hafla hadi Oktoba, kwa sababu minada ya korosho ikianza hakuna kiongozi wala mnunuzi atakayekaa kwenye kiti chako asubuhi nzima.

Sasa angalia mpangilio, maana ndio unaokuokoa fedha. Barua inatoka kwanza. Majibu yanarudi. Kisha ndipo kadi zinachapwa, kwa kuwa kadi ina mstari wa mgeni rasmi na mstari huo haujathibitika mpaka ofisi ijibu. Watu huchapa kadi kwanza kwa sababu kadi inapendeza na barua inachosha. Nilishachapa mia mbili kwenye karatasi ngumu ya gramu 300, zimeandikwa jina kamili la kiongozi, siku tisa kabla ya shughuli. Usiku wa pili mkeka ukatoka, kiongozi akahamishwa. Mteja alirudi asubuhi na sanduku zima mikononi, ananiuliza kama kuna kalamu ya kufutia. Tangu hapo kadi ninazochapa zinataja cheo bila jina. Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara ni yule atakayekuwa ofisini siku hiyo. Akituma mwakilishi, kadi inabaki kweli. Mshereheshaji ndiye atakayesema "kwa niaba ya".

Baada ya kadi na barua, kaka aliuliza kama kuna haja ya ujumbe wa WhatsApp. Ipo, kwa wale wageni walio Masasi, Newala au Dar es Salaam ambao kadi ya mkononi haitawafikia kwa wakati. Ila usiandike upya. Hifadhi kadi ile kama picha au PDF yenye jina la mhusika limeshajazwa, itume kwa mtu mmoja mmoja, na juu yake weka mistari miwili:

> Shikamoo Mzee. Naambatisha kadi ya mwaliko wako kutoka kwa Mkurugenzi Mtendaji kwa hafla ya tarehe 17 Septemba, Naliendele. Nakala ya mkononi utaikuta mapokezi. Tutashukuru ukituthibitishia.

Ukiitupa kwenye kundi, imerudi kuwa "oyaa wadau" hata kama imeandikwa kwa Kiswahili cha bungeni. Kila aliyemo anadhani ameitiwa, na yule uliyemlenga anadhani hukumlenga.

Kaka alilipia barua siku ile ile, kadi tukaziweka hadi majibu yarudi. Alipokuwa anatoka akaniuliza afanyeje na ule ujumbe wake wa kwanza, aufute? Nikamwambia auguse sehemu mbili tu: aondoe mashine, na saa 3 iwe saa 1 jioni. Mengine yote, majogoo na dijei na utasimuliwa, ayaache vile vile na autume kwa wafanyakazi na marafiki kwa ajili ya tafrija ya usiku. Alisimama mlangoni akaurekebisha kwa kidole gumba, na kabla hajafika kwenye bodaboda simu yake ilishaanza kulia.